Kichwa cha nahodha, msitu wa mikoko: mwongozo kamili wa prompti ya dabo eksposha

Binti mmoja wa Mkomani alikuja dukani kwangu Langoni, hapa Lamu, na simu mkononi. Alinionyesha picha aliyoiokota mtandaoni: kichwa cha mwanamume kwa ubavu, cheusi tii, na ndani ya kichwa mna msitu wa misonobari uliofunikwa na ukungu. "Kaka, nataka kama hii," akasema, "lakini awe baba, na miti iwe mikoko." Babake ni nahodha aliyekwisha kuacha kazi ya bahari. Ujana wake wote alibeba boriti kutoka vijito vya Mkanda, kwa hiyo mikoko ilikuwa na maana yake. Nikamwambia arudi kesho, maana nilidhani ni kazi ya dakika kumi: uandike maneno mawili matatu, akili mnemba ichore, uchapishe.

Ilinichukua siku tatu. Siku hizo zilinifundisha jambo moja ambalo maelezo mengi ya prompti, yaani maneno unayouandikia mtambo wa akili mnemba, hayalisemi, nalo ni kwamba neno "double exposure" peke yake halifanyi kazi. Kinachofanya kazi ni kuuambia mtambo mahali gani pawe peusi, mahali gani pawe peupe, na weusi huo ukae sehemu gani ya uso. Haya yote yanatokana na filamu ya zamani, kwa hiyo naanzia huko.

Mwanga hujumlika, haupunguki

Katika kamera ya filamu, dabo eksposha ilipatikana kwa kupiga picha mbili juu ya kipande kimoja cha filamu bila kukisogeza. Filamu hukusanya mwanga. Pale ambapo picha ya kwanza ilikuwa nyeusi, filamu haijaguswa, bado ina njaa, na picha ya pili itaingia yote. Pale ambapo picha ya kwanza ilikuwa nyeupe, filamu imekwisha kushiba. Umwagie msitu mzima hapo, hakuna kitakachoonekana.

Ndiyo maana mtu husimamishwa mbele ya mwanga mkali mpaka awe kivuli. Kivuli kinageuka dirisha, msitu unaingia ndani yake tu, na pembeni panabaki peupe bila mtu kukata kitu kwa mkasi.

Programu za kuhariri picha zinaiga hesabu hiyo hiyo katika namna ya kuchanganya inayoitwa `Screen`. Ukichukua mwanga kuwa 0 kwa nyeusi na 1 kwa nyeupe, hesabu yake ni hii:

```
1 - (1 - a) * (1 - b)
```

Tuijaribu kwa kichwa cha nahodha. Shavu lake ni jeusi, tuseme 0.05, na juu yake linakuja jani la mkoko lenye mwanga wa 0.30. Jibu ni karibu 0.34, kwa hiyo jani linaonekana karibu kama lilivyo. Jani hilo hilo likiangukia nyuma ya kichwa, kwenye weupe wa 0.98, jibu ni karibu 0.99. Jani limepotea.

Sasa angalia upande wa tatu, ambao ndio unaoipa picha hii uzuri wake. Mbingu iliyo juu ya msitu nayo ni nyeupe, tuseme 0.95. Ikiangukia kwenye kichwa cheusi, jibu ni 0.95 vilevile. Maana yake, mahali mbingu ya msitu inapokutana na kichwa, kichwa kinatoboka na kuungana na weupe wa nje. Utosi unayeyuka, na vilele vya miti vinabaki vimesimama kama nywele. Picha ile ya misonobari aliyoipenda yule binti ilipendeza kwa sababu hiyo hasa.

Lakini mbingu hiyo ikiangukia puani, pua imekwenda. Ikiangukia kidevuni, mtu hana kidevu. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujaandika neno lolote, ni hili: mbingu itakaa wapi? Jibu langu huwa ni kisogoni na utosini. Paji la uso, pua, midomo, kidevu na koo vinahitaji giza la miti minene, kwa sababu mstari huo ndio unaotuambia huyu ni nani.

Kumpiga picha mwenyewe

Kama unataka nahodha yeyote tu, ruka sehemu hii. Kama unataka babake mtu, huna budi kuwa na kivuli chake halisi, na sababu yake utaiona mbele.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake, tukapanda darini. Niliogopa atakataa, maana wapo wazee kwetu wasiopenda sura yao itundikwe ukutani. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Mato yataonekana?" Nikamwambia macho hayataonekana, ami, ni kivuli kitupu. Akakaa.

Pwani ya mji wa Lamu inatazama mashariki, upande wa Manda, kwa hiyo asubuhi jua linatoka baharini. Saa mbili asubuhi tulitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, jua likiwa nyuma yake, na mzee akakaa kama hatua mbili mbele ya shuka. Shuka likawaka, yeye akawa mweusi. Ukitumia mbingu tupu badala ya shuka inawezekana pia, ila mbingu ya buluu kwenye picha hutoka na kijivu cha katikati. Kijivu si nyeupe, na msitu utapenya humo. Nimeona watu wakihangaika na majani yanayoelea nje ya kichwa, kumbe kosa ni mbingu ya buluu.

Kwenye simu, bonyeza kidole juu ya shuka na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha upandishe mwanga kidogo mpaka mikunjo ya shuka ipotee. Usizidishe, kwa sababu weupe ukizidi hula ncha ya pua.

Ubavu lazima uwe ubavu kamili. Mwambie mtu ageuke polepole, nawe utazame kope za jicho la mbali. Zikipotea tu, mwambie asimame hapo hapo. Akigeuka kidogo kuja kwako, pua inaingia ndani ya shavu na kivuli kinakuwa kama kiazi. Mwinue kidevu kiasi cha upana wa kidole ili koo lijitenge na kifua.

Nahodha alivaa kofia yake ya kazi ya mkono, na nikafurahi. Kofia ile ina juu bapa na ukingo ulionyooka, na hata ukiipunguza picha iwe ndogo kama stempu bado unajua huyu ni mtu wa mwambao. Kwa mwanamke aliyevaa mtandio inafaa pia, ila uombe kitambaa kivutwe nyuma kidogo kwenye paji la uso, la sivyo paji na pua vinakuwa mteremko mmoja.

Prompti, kipande kwa kipande

Naandika prompti kwa Kiingereza. Mitambo mingi inapokea Kiswahili, lakini imefundishwa kwa picha zenye maelezo mengi zaidi ya Kiingereza, na tofauti inaonekana kwenye vitu vidogo kama mizizi na kofia. Jaribio langu la kwanza, lile la dakika kumi, lilikuwa hili:

```
double exposure portrait of an old man and a forest
```

Nilipata mzungu mwenye ndevu, uso wake ukionekana wote kwa mbele, na misonobari imepakwa mashavuni kama tatuu. Ukilifikiria, mtambo haukukosea. Sikusema ubavu, kwa hiyo ukaleta uso wa mbele. Sikusema kivuli, kwa hiyo ukachora macho na ngozi. Nilisema msitu, ukanipa msitu ulioona mara nyingi zaidi.

Jaribio la pili nikajifanya mjanja, nikaandika kivuli kiwe "solid black". Kikawa cheusi kweli, cheusi mpaka ndani, na mikoko ikasimama nyuma ya kichwa kama mandhari. Nilikuwa nimeomba mambo mawili yanayopingana: kichwa kilichojaa weusi, na kichwa kilichojaa miti. Mtambo ukichagua, huchagua lililo rahisi.

Baada ya majaribio mengi nikabaki na hii:

```
Side-profile silhouette of an elderly dhow captain
in a flat-topped embroidered cap, facing left,
crisp outline, on empty white paper.
The silhouette is a window: inside it, a mangrove
forest at low tide. Dense dark trees along forehead,
nose, lips and chin; arching stilt roots fill the neck;
trees thin out into pale sky at the back of the head,
where the outline dissolves into white.
Black and white, film double exposure.
```

Mpangilio wake una sababu. Mtu anatangulia na msitu unafuata, kwa sababu kitu kinachotajwa kwanza mara nyingi ndicho kinachoshika umbo la picha nzima. Ukianza na msitu utapata msitu wenye mtu mdogo ndani. Neno "window" ndilo lililoondoa ile shida ya miti kukaa nyuma. Kabla yake nilikuwa nikiandika "blended with", na kuchanganya kunaweza kufanywa kwa namna mia.

Halafu yanakuja maneno ya mahali. Usiseme tu kwamba ndani mna mikoko. Sema miti minene ikae kwenye pua na kidevu, mizizi ijaze shingo, mbingu ikae kisogoni. Hii ndiyo hesabu ya mwanga tuliyoifanya mwanzoni, imegeuzwa maneno. Mizizi ya mkoko imepindika kama matao na kushuka mpaka kwenye tope, na shingo ya binadamu inapanuka vivyo hivyo kuelekea mabegani. Kwa hiyo mizizi inakaa shingoni kama iliyoumbiwa hapo, na mwisho wa picha kwa chini haukatiki ghafla.

"Empty white paper" ni kwa ajili ya pembeni. Mwanzo niliandika kwamba pembeni pasiwe na miti, yaani "no trees outside", na miti ikazidi pembeni. Mitambo hii husikia jina la kitu vizuri kuliko inavyosikia kukanusha. Sema unachotaka kiwepo, usiseme usichokitaka. Kama unatumia mtambo wa Midjourney, kukanusha kuna mahali pake maalumu, mwishoni, pamoja na vipimo:

```
--ar 2:3 --seed 1906 --no color, frame, text
```

`--ar 2:3` ni umbo la wima, linalomtosha mtu mpaka mabegani. Hiyo `--seed` ndiyo rafiki wa mtu anayejifunza. Mtambo huanza kila picha kutoka kwenye vumbi la nasibu, na namba hii inalifunga vumbi lile lile. Ukibadilisha neno moja huku namba imebaki, tofauti unayoiona kwa sehemu kubwa imeletwa na neno, si na bahati. Namba yoyote inafaa. Bila hiyo unaweza kubadilisha neno, ukapata picha nzuri, ukadhani neno ndilo lililofanya kazi. Mimi nilipoteza jioni nzima hivyo.

"Black and white" mwishoni si pambo. Rangi mbili za msitu na ngozi hugombana, na mtambo hujaribu kuzipatanisha kwa kupaka machungwa na samawati kila mahali. Rangi utaiongeza baadaye kama unaitaka.

Mti gani huu?

Picha ya kwanza iliyonipendeza niliipeleka kwa mzee, nikiwa na kiburi kidogo. Akaisogeza mbali na uso, akaitazama kitambo, akauliza: "Mti gani huu? Mbuyu wa majini?"

Nilipoangalia tena nikaona. Mashina yalikuwa yamevimba chini kama chupa, yamesimama ndani ya maji meusi yaliyotulia. Hiyo ilikuwa miti ya vinamasi vya Marekani. Mtambo ulisikia miti ndani ya maji ukaleta ile unayoizoea. Prompti yangu wakati huo ilisema "mangrove swamp", na neno "swamp" ndilo lililoharibu. Nililitoa, nikaweka "at low tide" na "arching stilt roots", na mikoko ikarudi kuwa mikoko.

Hapa kuna kanuni moja ninayoitumia kwa kila kitu cha kwetu: eleza umbo, usitegemee jina. Hata "mangrove" peke yake haitoshi, kwa sababu mikoko ni miti mingi. Mkoko wenyewe una matao. Mchu hauna matao, una vidole vidogo vinavyochomoza kutoka kwenye tope kama misumari. Ukitaka mchu, andika vidole hivyo. Kwa picha hii mkoko unafaa zaidi, maana vidole vya mchu vikipunguzwa ukubwa vinaonekana kama uchafu kwenye koo la mtu.

Pua iliyonyooshwa

Sasa nilikuwa na miti sahihi na nahodha wa kubuni. Ilibaki kumweka mwenye picha. Mitambo mingi inakuruhusu kupakia picha na kuiomba iifuate. Nikapakia kile kivuli cha darini pamoja na prompti ile ile, nikibadilisha mwanzo wake useme kwamba mstari wa uso ufuatwe bila kubadilishwa. Ikatoka picha nzuri kuliko zote. Binti alipoiona alinyamaza, kisha akasema, "Huyu si baba."

Nahodha ana pua yenye kinundu. Zamani foromali ilimpiga usoni wakati wa kugeuza tanga, na mfupa ukaunga vibaya. Mtambo ulikuwa umeinyoosha pua ile, taratibu, bila kusema. Tena ulimjaza midomo na kumkaza kidevu. Mitambo huvuta kila uso kuelekea uso wa kawaida, na katika kivuli, ambamo hakuna macho wala ngozi, mstari ule mmoja ndio mtu mwenyewe.

Jicho langu halikuona, kwa hiyo usitegemee lako. Fanya hivi. Fungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, au Photopea ndani ya kivinjari. Weka kivuli halisi chini na picha ya mtambo juu, uzilinganishe kofia kwa kofia, kisha namna ya kuchanganya ya leya ya juu uiweke `Difference`. Mahali pembeni mwa uso panapolingana patakuwa peusi. Mahali mstari ulipohama patatokea uzi wa mwanga. Ndani ya kichwa miti itang'aa, ipuuze, tazama ukingo tu. Kwa nahodha uzi ulianzia katikati ya pua ukashuka mpaka chini ya mdomo.

Nilijaribu mara kadhaa kuulazimisha mtambo, nikachoka. Njia iliyomaliza kazi ni kuuacha mtambo uchore msitu peke yake, na kichwa kibaki cha mzee. Prompti ya msitu ikawa fupi:

```
Mangrove forest at low tide, arching stilt roots
at the bottom, dense dark trees on the left side,
open pale sky at upper right, vertical,
black and white photograph
```

Kushoto ni minene kwa sababu nahodha anatazama kushoto na uso wake uko huko. Mbingu iko juu kulia kwa sababu huko ndiko kisogo kilipo. Ukimgeuza mtu, ugeuze na maneno.

Kisha kwenye GIMP:

Kivuli kinakaa chini. Nenda `Colors > Levels`, uvute kishale cheupe kuja kushoto mpaka shuka liwe jeupe kabisa, na kishale cheusi kwenda kulia kidogo tu mpaka uso uwe mweusi bila ukingo kuota meno. Juu yake weka msitu, na namna ya kuchanganya uiweke `Screen`. Pembeni patasafika papo hapo, na msitu utabaki kichwani.

Halafu usogeze msitu. Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako wote. Niliusogeza mpaka shina moja nene likasimama nyuma tu ya pua, likashikilia kinundu chote, na nafasi kati ya vilele viwili ikaangukia pale kofia inapokutana na kisogo. Kofia ikatoboka nusu. Niliogopa kwamba nimeiharibu, lakini ukingo wa mbele ulibaki na jicho likajaza uliobaki.

Miti ikionekana hafifu, fungua `Levels` juu ya msitu wenyewe na uongeze mwanga wa katikati. Miti ikionekana lakini uso ukawa wa kijivu kama moshi, msitu hauna weusi wa kutosha: vuta kishale cheusi kwenda kulia. Kumbuka `Screen` haiwezi kutia giza popote. Weusi wote unaouona kwenye picha ya mwisho ni ule ambao picha zote mbili zilikuwa nao mahali pamoja.

Mwisho ipunguze picha mpaka iwe na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kama bado unamjua mtu, umefika. Kama unaona msitu tu, mbingu imekula sehemu ya uso, rudi usogeze.

Ukitaka mji badala ya msitu

Siku hizi vijana wengi wanaomba mji ndani ya kichwa, na wakisema mji prompti yao husema "city skyline". Hapo mtambo utaleta maghorofa marefu ya vioo. Kwa Nairobi hilo linafaa, na si kwa jina tu: jengo refu linapanda kutoka shingoni mpaka kwenye paji, linabeba uso mzima.

Lamu haina urefu huo. Ukiupiga mji kutoka mashuani, ni utepe mwembamba wa nyumba za ghorofa mbili tatu, maji chini, mbingu tele juu. Utepe huo ukiuweka kichwani unakaa shingoni, na mbingu inameza pua, midomo na paji. Ukiandika jina la Lamu kwenye prompti mambo yanaweza kuzidi, kwa sababu mtambo hubuni mji wa kuba na minara mingi, unaofanana na popote isipokuwa kwetu, ambako paa ni bapa na vibanda vya makuti viko juu yake.

Nimepata njia moja inayofanya kazi, nayo ni kuacha pwani na kuingia kichochoroni. Kichochoro ni wima tayari. Kuta mbili ndefu za mawe zina giza, na kati yake kuna ufa wa mbingu juu. Ukuta mmoja unashika uso, mwingine unashika shingo ya nyuma, na ufa wa mwanga unapanda hadi utosini:

```
Narrow stone alley between tall old plastered walls,
carved wooden door, seen straight on, left wall
in deep shadow, bright strip of sky at the top
right, vertical, black and white photograph
```

Mlango wa nakshi niliuweka kwa binti mwingine aliyetaka picha ya nyanyake. Ukikaa kwenye sikio unapendeza. Ukikaa kwenye shavu unamfanya mtu aonekane amefungwa kitasa mdomoni, kwa hiyo uangalie.

Kuchapisha

Picha ya mtambo ilikuwa na nukta 1024 kwa 1536. Nahodha alitakiwa katika fremu ya sentimita 30 kwa 45, ambayo ni umbo lile lile la 2:3, na hapo kila inchi inapata nukta 87 hivi. Ni chache. Msitu wenye ukungu unavumilia, mstari wa pua hauvumilii. Lakini kwa kuwa kichwa kilikuwa picha ya simu yenye nukta nyingi, niliikuza leya ya msitu peke yake mpaka ikalingana na kivuli, na ukingo ukabaki mkali. Hiyo ni faida nyingine ya kutenganisha viwili hivi. Karatasi nilitumia isiyong'aa, kwa sababu weusi mwingi kwenye karatasi ya kung'aa unageuka kioo, na sebuleni unajiona wewe badala ya nahodha.

Mzee alipoletewa aligusa kwanza pua, juu ya kioo cha fremu, akacheka kidogo. Kisha akashuka na kidole mpaka shingoni, kwenye mizizi, akahesabu matao. "Maji yametoka sana hapa," akamwambia bintiye. "Hii bamvua. Siku kama hii mashua hulala topeni mpaka jioni."